Sharpe Moja, Mikakati Miwili

Tuseme una mbele yako madaftari mawili ya matreda wa fedha za kigeni, kila moja likiwa na kumbukumbu za mwaka mzima. Wa kwanza tumwite Mdokozi. Huyu huchukua faida ndogo ndogo upesi, na biashara ikimwendea kombo haikati: huongeza dau, akisubiri bei irudi. Mara nyingi hurudi. Wa pili tumwite Mvumilivu. Yeye hukata hasara ikiwa bado changa, halafu bei ikishika njia moja huiacha itembee mpaka ichoke. Tarakimu za mwaka wao, kwa asilimia ya mtaji, nimezitunga hivi:

```
Mwezi       1   2   3   4   5   6   7    8   9  10  11  12
Mdokozi    +3  +2  +3  +2  +3  +3  +2  -10  +2  +3  -4  +3
Mvumilivu  -1   0  -1   0  -1  -1   0  +12   0  -1  +6  -1
```

Jumlisha mstari wa kwanza, unapata 12. Jumlisha wa pili, 12 vilevile. Kila mmoja ana wastani wa asilimia 1 kwa mwezi. Sasa tazama umbali wa kila mwezi kutoka kwenye wastani huo. Mwezi wa nane Mdokozi yuko pointi 11 chini ya wastani, na Mvumilivu yuko pointi 11 juu yake. Mwezi wa kwanza mmoja yuko 2 juu, mwenzake 2 chini. Ndivyo ilivyo mwaka mzima: mstari mmoja ni mwingine uliogeuzwa juu chini.

Ukiwapima kwa uwiano wa Sharpe, watatoka sare. Kipimo hiki kilitokana na William Sharpe, mwanauchumi wa Marekani, aliyekieleza mwaka 1966 alipokuwa akichunguza mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mwaka 1990 akawa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hesabu yenyewe ni fupi. Unachukua wastani wa faida, unatoa riba ambayo pesa ingepata ikiwa imekaa mahali salama, kisha unagawa kwa mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho matokeo ya kila mwezi huwa yanatawanyika kuuzunguka wastani. Kwa sasa tuiweke riba hiyo sifuri ili hesabu iwe nyepesi. Mkengeuko sanifu wa mistari yote miwili ni 3.98. Gawa 1 kwa 3.98 upate 0.25, kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha 12 ili kuigeuza ya mwezi kuwa ya mwaka. Jibu ni 0.87 kwa Mdokozi na 0.87 kwa Mvumilivu, bila tofauti ya hata nukta.

Kosa haliko kwenye hesabu. Mkengeuko sanifu unatafuta umbali, na umbali unapigwa mraba, hivyo alama ya kutoa au kujumlisha inapotea njiani. Mwezi wa asilimia 12 wa Mvumilivu unahesabiwa kuwa hatari sawasawa na mwezi wa hasara ya 10 wa Mdokozi. Ni kumkata mvuvi alama kwa siku aliyorudi na ngalawa imejaa, kwa sababu tu siku hiyo haikufanana na nyingine. Matokeo yanapotawanyika kwa usawa pande zote mbili, dosari hii haina madhara makubwa, kwa kuwa upande wa juu unaushuhudia upande wa chini. Mkakati ambao hasara zake hazifanani na faida zake ndio unaoiumbua Sharpe, na mikakati ya matreda wadogo karibu yote ni ya namna hiyo.

Frank Sortino, naye wa Marekani, alitaka kipimo kinachoadhibu upande wa chini peke yake. Uwiano unaobeba jina lake unaanza na lengo: kiwango cha chini cha faida ambacho mwenye pesa anakikubali. Miezi yote iliyofikia lengo au kulipita inahesabiwa sifuri. Iliyopungua, unapiga mraba upungufu wake, unajumlisha, unagawa kwa idadi ya miezi yote, halafu unachukua kipeuo cha pili. Tukiweka lengo liwe sifuri, yaani tunachokataa ni kupoteza tu, Mdokozi ana miezi miwili mibaya. Kumi mara kumi ni 100, nne mara nne ni 16, jumla 116. Gawa kwa 12, chukua kipeuo, unapata mkengeuko wa upande wa hasara wa 3.11. Sortino yake kwa mwaka inakuwa 1.11. Mvumilivu ana miezi sita ya hasara ya asilimia 1, jumla ya miraba ni 6, na mkengeuko wake wa hasara ni 0.71. Sortino yake ni 4.90.

Sare imevunjika, na imevunjika kwa kishindo. Lakini kabla ya kushangilia, kuna sehemu moja katika hesabu hii ambapo watu wengi huteleza, wakiwemo waliotengeneza majedwali yanayopokezanwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Nilisema ugawe kwa idadi ya miezi yote, 12, wala si kwa miezi ya hasara pekee. Njia ya mkato inayotumika sana ni kuchuja miezi yenye hasara na kuipigia mkengeuko sanifu wa kawaida. Jaribu kwa Mvumilivu: miezi yake sita mibaya ni -1, -1, -1, -1, -1, -1. Yote inafanana, kwa hiyo haina mtawanyiko wowote, mkengeuko ni sifuri, na Sortino inakuwa haina mwisho. Kwa njia hiyohiyo, mtu anayepoteza asilimia 30 kila mara anapopoteza naye ataonekana hana hatari kabisa, mradi asibadilishe kiasi. Upungufu lazima upimwe kutoka kwenye lengo, kamwe usipimwe kutoka kwenye wastani wa hasara zenyewe. Kwenye jedwali la Excel, ikiwa asilimia za miezi ziko `B3` hadi `B14` na lengo ni sifuri, fomula sahihi ya mkengeuko huo ni hii:

```
=SQRT(SUMPRODUCT((B3:B14<0)*B3:B14^2)/COUNT(B3:B14))
```

Njia ya kukagua jedwali la mtu ni rahisi: weka tarakimu za Mvumilivu. Likikujibu kosa la kugawa kwa sifuri, limekosewa.

Jambo la pili ni lengo lenyewe. Sifuri ni chaguo la hisani. Tulipandishe liwe nusu ya asilimia kwa mwezi, yaani 6 kwa mwaka. Sasa ile miezi minne ambayo Mvumilivu hakupata wala kukosa inageuka kuwa miezi ya upungufu, na ile ya -1 inazidi kuwa mibaya. Sortino yake inaporomoka kutoka 4.90 hadi 1.58. Ya Mdokozi inashuka kutoka 1.11 hadi 0.53. Mpangilio haukubadilika, ila pengo limepungua sana. Ndiyo maana mtu anayekutajia Sortino bila kutaja lengo amekueleza nusu ya habari. Na kwetu lengo si jambo la kubahatisha. Mwaka 2024 dhamana za Hazina ya Kenya za siku 91 zilifika riba ya zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Aliyekuwa na shilingi zake Nairobi mwaka huo, akajiuliza kama atoke kwenye dhamana aingie kwenye mikakati hii miwili, angepaswa kuweka lengo la zaidi ya asilimia 1 kwa mwezi, na hapo Mdokozi na Mvumilivu wote wana Sortino hasi. Wote wawili wameshindwa na karatasi ya serikali.

Sortino hata hivyo ina upofu wake, na Sharpe ina upofu huohuo: hazijui mpangilio wa miezi. Ukiichanganya miezi 12 ya Mdokozi kama karata, vipimo vyote viwili vitabaki palepale. Mwenye akaunti haishi hivyo. Anaishi mwezi baada ya mwezi, na kinachomtoa roho ni kuona salio lililokuwa juu sasa liko chini, na kila asubuhi linazidi kwenda. Hapo ndipo inapoingia Calmar.

Terry Young, aliyekuwa akiendesha kampuni ya ushauri California, aliitangaza mwaka 1991. Jina lake halitokani na mtu: limeungwa kutoka kwenye herufi za mwanzo za jarida la kampuni yake, `California Managed Accounts Reports`. Unachukua faida ya mwaka kwa hesabu ya kulimbikiza, unaigawa kwa mporomoko mkubwa kuliko yote, yaani umbali kwa asilimia kutoka kilele cha salio hadi shimo lililofuata kabla kilele hicho hakijapitwa. Young aliitumia kwa miezi 36 ya mwisho.

Tuanze na dola 100 kwa kila mmoja. Mdokozi anapanda hadi 119.44 mwezi wa saba, anaangukia 107.50 mwezi wa nane, na kumaliza mwaka na 111.67. Mporomoko wake ni asilimia 10, na Calmar yake ni 11.67 gawa kwa 10, yaani 1.17. Mvumilivu anaanza kwa kuteremka: kufikia mwezi wa sita ana 96.06. Mwezi wa nane unamrusha hadi 107.59, na anamaliza na 111.77. Mporomoko wake mkubwa ni wa kutoka 100 hadi 96.06, sawa na asilimia 3.94, na Calmar yake ni 2.99.

Angalia tena mahali mporomoko wa Mvumilivu ulipoanzia. Ulianzia kwenye mtaji wenyewe, kabla ya mwezi wa kwanza. Ukiliandaa jedwali likianza na salio la mwisho wa mwezi wa kwanza, kilele chako kinakuwa 99 badala ya 100, mporomoko unasomeka asilimia 2.97, na Calmar inavimba hadi 3.96. Theluthi nzima ya sifa imetokana na mstari mmoja uliosahauliwa. Weka mtaji wa mwanzo kwenye `C2`, salio la kila mwezi chini yake, na kwenye `D2` uandike fomula hii na kuiburuta hadi chini. Tarakimu iliyo ndogo kuliko zote katika safu hiyo ndiyo mporomoko wako:

```
=C2/MAX(C$2:C2)-1
```

Sasa tujaribu mpangilio. Mwezi wa -10 na ule wa -4 wa Mdokozi viliachana kwa miezi miwili ya faida. Vingekuja vikifuatana, mporomoko ungekuwa asilimia 13.6 na Calmar ingeshuka hadi 0.86, huku faida ya mwaka ikiwa ileile. Mvumilivu naye, hasara zake sita zingepangana mfululizo, angefikia mporomoko wa asilimia 5.85 na Calmar ya 2.01. Hii ndiyo nguvu ya Calmar na ndio udhaifu wake. Inakuambia ulichopitia kweli, lakini inategemea tukio moja tu, shimo moja katika daftari zima, na shimo hilo lingeweza kuwa na kina kingine kwa bahati tu. Tena mporomoko mkubwa hauwezi kupungua daftari linavyorefuka. Unaweza kukua au kubaki ulivyo. Kulinganisha Calmar ya mtu mwenye miezi minane na ya mwenye miaka mitano ni kumwonea huyo wa pili.

Mpaka hapa Mvumilivu ameshinda kwa vipimo viwili, na msomaji anaweza kudhani dawa imepatikana: tupa Sharpe, shika Sortino na Calmar. Mimi siamini hivyo, na sababu yangu iko kwenye mwezi wa saba wa Mdokozi.

Funika kwa mkono kuanzia mwezi wa nane. Daftari linasoma +3, +2, +3, +2, +3, +3, +2. Pigia Sharpe ya mwaka: unapata zaidi ya 16, namba ambayo meneja yeyote wa fedha angeiota usingizini. Sortino kwa lengo la sifuri haina mwisho, maana hakuna mwezi hata mmoja wa upungufu. Calmar pia haina mwisho, maana hakuna mporomoko. Vipimo vyote vitatu viko kwenye kilele cha utukufu wao mwezi mmoja kabla ya pigo, na vile viwili vilivyobuniwa kutazama hasara ndivyo vinavyosifu zaidi. Vinaisoma hasara iliyoandikwa. Isiyoandikwa bado havina habari nayo.

Hili lilitokea mbele ya dunia nzima. Tarehe 6 Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu euro moja ishuke chini ya faranga 1.20. Matreda wengi waliona sakafu ya saruji: nunua euro kila inapokaribia 1.20, chukua faida ndogo inaponyanyuka, rudia. Kwa muda mrefu sakafu ilishika. Tarehe 15 Januari 2015, asubuhi, benki iliiondoa bila onyo, na ndani ya dakika chache euro ilikuwa chini ya faranga moja. Amri za kukata hasara zilizowekwa chini kidogo ya 1.20 hazikupata mnunuzi pale zilipowekwa; zilitekelezwa mbali sana chini. Anayefanya biashara kwa mkopo wa mara 20 ya mtaji wake humaliza mtaji wote bei ikienda kinyume kwa asilimia 5, na hapa ilikwenda zaidi ya mara tatu ya hapo. Wateja wa kampuni ya FXCM walibaki wakidaiwa takriban dola milioni 225, na tawi la Uingereza la Alpari likatangaza kufilisika.

Hesabu miezi kati ya tarehe hizo mbili: ni 40. Dirisha la Calmar ni miezi 36. Mtu angeweza kuandika daftari safi, akasubiri miaka mitatu kamili kama Young alivyotaka, akapiga Calmar yake kwa uaminifu, na asione hata dalili ya kilichokuwa kinakuja. Anayeuza bima ya hatari adimu huonekana tajiri mpaka siku ya madai, na kipimo cha nyuma hakiwezi kumwambia mtu bima aliyouza ni ya nini. Hilo linajulikana kwa kuutazama mkakati wenyewe: je, faida ina dari na hasara haina sakafu? Mdokozi alikuwa hivyo tangu mwezi wa kwanza, na kanuni yake ya kuongeza dau kwenye hasara ilitosha kulijulisha kabla ya tarakimu yoyote.

Kuna njia ya kumnasa Mdokozi mapema, ikiwa daftari limeandikwa vizuri. Kwenye programu ya MetaTrader kuna mistari miwili ya pesa. `Balance` hubadilika biashara inapofungwa tu. `Equity` hujumuisha na zile zilizo wazi, kwa bei ya dakika hiyo. Anayekataa kufunga hasara huwa na `Balance` inayopanda kama ngazi, huku `Equity` ikining'inia chini yake, wakati mwingine mbali sana. Ile miezi saba mizuri ya Mdokozi huenda ilikuwa na siku ambazo akaunti ilikuwa chini kwa asilimia 8 au zaidi kabla bei haijamrudia, na daftari la mwisho wa mwezi lililotokana na biashara zilizofungwa lisingeonyesha lolote. Piga Sortino na Calmar upya kwa `Equity` ya kila siku. Mvumilivu atabadilika kiasi, kwa sababu hasara zake hufungwa upesi. Mdokozi atabadilika sura kabisa. Ripoti ya majaribio ya MetaTrader 5 yenyewe huandika mporomoko wa aina zote mbili, `Balance Drawdown Maximal` na `Equity Drawdown Maximal`. Wa pili ukiwa mkubwa mara nyingi kuliko wa kwanza, unajua uko na nani.

Tahadhari nyingine ni pesa zinazoingizwa katikati. Mwenye akaunti akiona inazama, huongeza mtaji, na mstari wa salio hunyanyuka kana kwamba ni faida. Mporomoko unafichika, Calmar inapona kimiujiza. Kila mwezi upigiwe asilimia yake baada ya kuondoa pesa zilizoingia na kutoka, halafu ndipo asilimia ziunganishwe.

Mimi ningevitumia hivi. Sharpe ningeipiga kwanza, kwa sababu inatumia miezi yote na hivyo haiyumbishwi sana na mwezi mmoja wa bahati. Daftari lisilofikia hata Sharpe ya kuridhisha halina haja ya kuendelea nalo. Kisha Sortino, pamoja na lengo lake limeandikwa pembeni. Ikiwa imepanda sana juu ya Sharpe, mkakati una faida kubwa za ghafla upande wa juu, kama wa Mvumilivu, ambaye Sortino yake ni zaidi ya mara tano ya Sharpe. Ikiwa imepanda kidogo tu, kama ya Mdokozi, mtawanyiko karibu wote uko upande wa hasara. Mwisho Calmar, kwa ajili ya kujiuliza swali la moyoni: ningeweza kukaa ndani ya shimo lile bila kutoa pesa zangu? Tena ningehesabu hasara zenyewe. Sortino ya Mdokozi imesimama juu ya miezi miwili tu, na hakuna fomula inayoweza kuifanya miwili iwe ushahidi mwingi.

Basi akikujia mtu anayeuza ishara za biashara au anayetaka kukuendeshea akaunti, akakuonyesha Sharpe ya 3, 5 au 16, mwombe vitu viwili: daftari la `Equity` la kila siku, na maelezo ya anachofanya biashara inapomwendea vibaya. Akikupa `Balance` peke yake, au akakwambia kwamba yeye huwa hafungi hasara, kaa na pesa zako.